Mkaja, Ubeleko na Kilemba: Kila Zawadi na Mwenyewe

Akina mama wenzetu, wengi wetu tumekwisha kukaa katika vikao vya kuoza watoto, na tunajua kwamba maneno makali hayatokei sana kwenye mahari yenyewe. Fedha za mahari zinahesabiwa na wazee, zinapunguzwa kidogo, kisha zinakubaliwa. Maneno hutokea kwenye vile vitu vidogo vinavyoandikwa chini ya karatasi: mkaja, ubeleko, kilemba, blanketi la bibi, kanga za shangazi. Hivi ndivyo wanaume huvipita haraka wakisema, "Hayo ni mambo ya akina mama." Na sisi akina mama nasi mara nyingine tunavinunua bila kuuliza ni vya nani na kwa nini vinaitwa hivyo.

Mwaka 2022 tulikuwa tukimwoza kijana wetu. Sisi tunakaa Dodoma, na binti aliyempata kwao ni Muheza, mkoa wa Tanga. Barua ya posa tuliipeleka kwa mkono wa mshenga, ikiwa imefungwa katika leso jeupe na kuwekwa juu ya sinia, pamoja na fedha kidogo za kishika uchumba. Baada ya mwezi na siku kadhaa majibu yalikuja: posa imekubaliwa, na karatasi ya pili ilikuwa na mambo yanayotakiwa. Mstari wa kwanza ulikuwa wa mahari. Chini yake yalifuata haya: mkaja shilingi 100,000, ubeleko shilingi 50,000, kilemba, blanketi moja la bibi, doti mbili za kanga kwa mashangazi, na mbuzi wa wajomba.

Baba wa kijana na kaka zake waliisoma usiku mezani. Walipofika kwenye mkaja na ubeleko mmoja wao aliuliza, "Hivi viwili si kitu kimoja? Vyote ni vya mama." Hakuna aliyembishia. Wakajumlisha, ikawa shilingi 150,000, wakaziweka katika bahasha moja na kuandika juu yake neno moja tu: Mama. Sisi tulikuwa jikoni tukipakua chakula. Tulisikia, na hatukusema kitu, kwa sababu kwetu sisi nako maneno hayo mawili tulikuwa tumeyasikia tu harusini bila kujua tofauti yake.

Maana ya majina haya

Mkaja ni nguo. Ni kile kitambaa kirefu ambacho mwanamke aliyetoka kujifungua hufungwa kiunoni na tumboni, akiwa amekwisha kukandwa kwa maji ya moto, ili tumbo lirudi na mgongo upate nguvu. Mama aliyezaa hukaa nacho siku zile za uzazi, akikifungua na kukifunga tena. Kwa hiyo anapopewa zawadi inayoitwa mkaja siku binti yake anapoposwa, anakumbushwa siku ile aliyomzaa. Ni zawadi ya tumbo. Mwenye kuistahili ni yule aliyezaa.

Ubeleko nao ni nguo, lakini ni nguo ya mgongoni. Kubeleka ni kubeba mtoto mgongoni, na ubeleko ni kile kipande anachofungiwa mtoto ili mama aweze kutwanga, kulima, kuchota maji au kwenda kanisani huku mtoto amelala. Zawadi ya ubeleko ni ya yule aliyembeba huyo binti. Katika nyumba nyingi aliyezaa na aliyebeba ni mtu mmoja, na ndiyo maana watu wanazichanganya zawadi hizi mbili. Lakini kuna nyumba ambazo mtoto alizaliwa na mmoja akabebwa na mwingine: bibi, shangazi, mama mkubwa au dada aliyeacha shule ili amlee mdogo wake. Katika nyumba kama hiyo karatasi ikitaja mkaja na ubeleko mbalimbali, inazungumza habari za watu wawili.

Kilemba kimekaa upande wa wanaume. Ni ile nguo ya kuzungushia kichwani, vazi la heshima. Zamani katika pwani yetu hata kijana aliyemaliza kujifunza ufundi alimpa fundi wake kilemba, maana yake kazi ya kunifundisha umeimaliza. Baba wa binti anapopewa kilemba anaambiwa jambo kama hilo: umemlea, umemfikisha. Familia nyingine hukitoa kwa baba, nyingine kwa mjomba, na hapo pia ni lazima kuuliza.

Majina haya matatu yanatumika sana pwani na katika miji mingi ya Tanzania, lakini hayatumiki kwa namna moja kila mahali. Kuna familia ambazo husema mkaja tu na ubeleko haujulikani kabisa, na kuna nyingine ambazo mkaja umekuwa neno la jumla la fedha yoyote anayopewa mama. Kwa hiyo tusimwambie mtu kwamba desturi ya kwao imekosea. Swali la kuuliza ni moja tu, nalo linaulizwa kupitia kwa mshenga kabla ya kununua chochote: "Hiki mlichokiandika hapa, kwenu anapewa nani?" Mshenga haoni haya kuuliza, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Sisi hatukumtuma aulize.

Bahasha ya Mama

Tulifika Muheza asubuhi ya Jumamosi, tukapokewa vizuri. Sala ikafanyika, mahari yakahesabiwa na kupokewa. Kisha mshenga wetu akachukua bahasha iliyoandikwa Mama, akatazama walipokaa wenyeji, akampelekea mwanamke aliyekuwa ameketi karibu na baba wa binti.

Chumba kilinyamaza. Yule mama hakuifungua bahasha. Aliiweka kwenye mkeka mbele yake, akasema kwa upole kabisa, "Mimi sikumzaa wala sikumbeba. Nilimkuta ni msichana mkubwa." Alikuwa mke wa pili wa baba yake. Ndipo tulipoelewa kwamba mama mzazi ni yule aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango, aliyekuja kutoka Korogwe kwa basi alfajiri ile, na ambaye hakuna aliyemtambulisha kwetu. Alitengana na baba wa binti mtoto akiwa na umri wa miaka miwili. Na aliyemlea kuanzia hapo, akambeba mgongoni na kumpeleka kliniki na baadaye shule, alikuwa dada yake baba, yaani shangazi. Huyo shangazi aliinuka taratibu akaenda jikoni. Hatukumwona tena mpaka chakula kilipoletwa.

Mjomba wa binti hakugomba. Alituambia, "Wageni wetu, karatasi tuliyowapelekea ina mistari miwili. Rudini mkaisome." Bahasha tukarudishiwa.

Ndugu zetu wanaume njiani walikuwa wakisema kwamba fedha ni fedha, wangeweza kugawana wenyewe ndani. Sisi hatukubaliani na maneno hayo. Kama ingekuwa ni kugawana fedha, wasingeandika majina ya nguo. Hata katika Kitabu cha Mwanzo, yule mtumishi aliyetumwa kumtafutia Isaka mke hakumpa Rebeka vyote ili agawe: Rebeka alipewa vyombo vya fedha na dhahabu na mavazi yake, na kaka yake na mama yake wakapewa vyao. Kila mtu alipokea kwa mkono wake.

Mshenga aliongea nao, tukapangiwa siku nyingine baada ya wiki tatu. Safari hii tuliamua fedha zitakwenda katika bahasha mbili, na kila bahasha itafuatana na nguo yenyewe. Hakuna aliyetudai nguo. Lakini tuliona kwamba baada ya kosa lile, karatasi peke yake isingetosha.

Kuchagua kanga

Mtu anaweza kudhani kwamba kanga ni kanga. Tulikwenda watatu dukani, tukatumia asubuhi nzima.

Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoshikana, na kila kipande kina urefu wa karibu mita moja na nusu na upana wa zaidi kidogo ya mita moja. Kuna pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maandishi yaliyo chini ya mji. Kwa nguo ya kuvaa mwenyewe unaweza kuanza na rangi. Kwa nguo ya kumpelekea mkwe anza na jina, tena lisome kwa sauti mbele ya wenzako, kwa sababu ndivyo litakavyosomwa kule. Mmoja wetu alikwisha kuishika kanga nzuri mno, nyekundu yenye maua meusi, akaanza kuulizia bei. Tulipoikunjua tukakuta imeandikwa "Mdhaniaye ndiye siye". Fikirini unampelekea mama mzazi kanga ya namna hiyo, wiki tatu baada ya kukosea mama ni yupi.

Kuna hatari nyingine ambayo si rahisi kuiona. Tulipata kanga yenye maneno "Nani kama mama", na wa kwanza kuiona alisema hii ndiyo yenyewe. Kwa mahali pengine ingefaa sana. Lakini tukajiuliza, nani atakuwa amekaa pale itakapofunguliwa? Shangazi aliyembeba mtoto miaka yote atakaa anatazama mwenzake anapewa nguo inayosema hakuna kama mama. Na tukimpa yeye shangazi nguo hiyo, mama mzazi aliyetoka Korogwe atajisikiaje? Jina la kanga halisomwi na mpokeaji peke yake. Linasomwa na chumba kizima. Tuliiacha. Kwa mama mzazi tukachukua yenye neno la kumshukuru Mungu, na kwa shangazi yenye "Wema hauozi".

Baada ya jina tukaangalia kitambaa. Kanga mpya huwa imetiwa wanga kiwandani, nao huifanya ionekane nzito hata kama nyuzi zake ni chache. Shika pembe moja, uisugue baina ya viganja viwili kama unayefua. Ikitoa unga mweupe na kulegea upesi ikawa kama chandarua, iache. Kisha inyanyue kuelekea dirishani: ukiona umbo la mkono wako waziwazi upande wa pili, nguo hiyo haitabeba mtoto. Kwa ubeleko jambo hili ni la lazima, maana ni aibu kumpa mtu nguo ya kubelekea isiyoweza kubelekea. Kuhusu rangi, lowesha kidogo leso jeupe na ulisugue kwenye pindo. Kanga nyingi huchuja kidogo ufuaji wa kwanza, lakini leso likitoka na rangi nzito, nguo hiyo itaharibu nguo nyingine zote katika beseni.

Wengine hupenda kupeleka kitenge badala ya kanga, na si kosa. Kitenge kizuri utakitambua kwa kukigeuza: rangi na maua huwa na nguvu ileile pande zote mbili. Hakina jina, kwa hiyo hakiwezi kumtukana mtu, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Lakini kwa mkaja na ubeleko sisi tunaona kanga inafaa zaidi, kwa sababu ni nyepesi, inafungika kiunoni na mgongoni, na ndiyo nguo ambayo kila mama amezalia na kulelea nayo.

Doti hizo tulizipeleka bila kuzikata wala kuzipinda. Mpokeaji akiona vipande bado vimeshikana anajua nguo ni mpya na haijapita kwa mwingine.

Blanketi la bibi

Hapa nusura tukosee tena. Mwenyeji wetu mmoja wa Dodoma alitushauri tununue blanketi jepesi, kwa kuwa Muheza ni joto. Ni kweli mjini Muheza mtu hahitaji blanketi zito hata kidogo. Lakini mshenga, ambaye sasa alikuwa anauliza kila kitu, alituletea habari kwamba bibi anakaa juu Amani, milimani, ambako mvua ni nyingi na asubuhi ni baridi. Zawadi ya blanketi inamfuata anayeilalia, wala si nyumba inakopokelewa.

Basi tukatafuta blanketi zito. Muuzaji alituonyesha mawili yanayofanana kwa macho, akasema yote ni ya sufu. Mama mmoja katika sisi aliomba uzi mmoja kutoka kwenye ncha ya kila moja, akatoka nao nje na kiberiti. Uzi wa kwanza uliyeyuka, ukajikunja, ukaacha kitone kigumu cheusi kisichovunjika kwa kucha: huo ni wa nailoni na jamaa zake. Wa pili uliungua taratibu, ukanuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake likasagika vidoleni: hiyo ndiyo sufu ya kondoo. Blanketi la nailoni lina kazi yake, ni rahisi kufua na hukauka upesi, nalo si la kudharauliwa. Lakini kwa mzee anayekoka moto chumbani wakati wa baridi, cheche ikidondokea nailoni huyeyuka na kushika ngozi. Tulichukua la sufu, rangi ya kahawia, lisiloonyesha moshi.

Mambo ya wanaume tuyapitie upesi. Kilemba kwa familia ile ni cha mjomba, nao walisema wenyewe wangependa koti badala ya nguo ya kichwani. Koti lisinunuliwe kwa kukisia. Tuliomba kipimo cha bega na cha mkono, tukaletewa kimeandikwa nyuma ya risiti ya duka. Mbuzi alibadilishwa kuwa fedha kwa makubaliano, kwa kuwa kumsafirisha mbuzi kutoka Dodoma hadi Muheza ni kumtesa mbuzi na abiria pamoja naye. Kama ninyi mnakaa jirani na mtapeleka mbuzi mwenyewe, ulizeni kwanza kama ni wa kuchinjwa au wa kufugwa. Wa kuchinjwa ni dume lililohasiwa na kunona. Wa kufugwa ni jike kijana: mfungue mdomo umtazame meno ya mbele ya taya la chini, maana juu mbuzi hana. Akiwa ameota jozi moja tu ya meno makubwa katikati, ana umri kama wa mwaka mmoja na nusu, na bado ana miaka mingi ya kuzaa.

Kapu halirudi tupu

Tumezungumza kana kwamba zawadi zinakwenda upande mmoja, lakini sivyo. Siku ile ya kwanza, pamoja na fadhaa yote, hatukuondoka mikono mitupu. Tulikuwa tumepeleka mchele na sukari katika kapu kubwa. Tulipokuwa tunaaga, kapu lilirudishwa kwetu likiwa limejaa machungwa ya Muheza na nazi kumi. Tuliposhukuru, mwenyeji alijibu, "Chombo cha mkwe hakirudi kitupu." Kwa hilo tulijua kwamba hawakukasirika kiasi cha kuvunja. Kapu lingerudi tupu, tungeanza kuwa na wasiwasi mkubwa.

Inawapasa akina mama wa upande wa mume walitazame hilo kapu kwa makini. Kile kinachowekwa humo ni kipimo. Mkienda mara ya pili, pelekeni kitu kinacholingana nacho, wala msizidishe sana. Ukijibu machungwa na nazi kwa gunia la mchele, umemlazimisha mwenzako naye atafute gunia, na huenda hana. Tumewahi kuona familia mbili zikishindana hivyo mpaka upande mmoja ukakopa.

Na vipi kuhusu mama wa kambo, yule aliyeiweka bahasha kwenye mkeka? Jina lake halikuwa kwenye karatasi. Mmoja wetu alitaka tumpelekee doti moja, kumshukuru kwa ukweli wake. Mwingine aliogopa kwamba zawadi isiyoombwa ingeonekana kama tunamfuta machozi au tunajipendekeza. Tulimwambia mshenga, naye akamwuliza baba wa binti. Jibu lilikuwa kwamba ni vizuri, lakini tusiitoe barazani pamoja na nyingine. Tumpe jikoni tutakapokwenda kumsaidia kupakua. Tukafanya hivyo.

Karatasi yenyewe

Siku ya pili tulikwenda na orodha iliyoandikwa upya. Kila mstari ulikuwa na mambo matatu: jina la zawadi, nani anaipokea, na ni nini hasa kilichotolewa. Kwa mfano: "Mkaja – mama mzazi – shilingi 100,000 na doti moja ya kanga." "Ubeleko – shangazi aliyemlea – shilingi 50,000 na doti moja ya kanga." "Blanketi – bibi wa Amani – moja, sufu, kahawia." Orodha ilikuwa nakala mbili, mshenga akasaini na mjomba akasaini, kila upande ukabaki na yake.

Si kwamba tunashuku watu. Uchumba unaweza kuvunjika, na hapo kila mmoja hukumbuka kwa namna yake. Tanzania Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalitaja jambo hili mahali pawili. Kifungu cha 41 kinasema ndoa iliyofuata taratibu nyingine zote haiwi batili eti kwa sababu desturi ya mahari au ya kupeana zawadi haikutimizwa. Kwa hiyo mtu asiwatishe wanandoa waliokwisha kufunga ndoa kwamba ndoa yao si kitu kwa kuwa blanketi halijaletwa. Na kifungu cha 71 kinaruhusu kudai mahakamani zawadi iliyotolewa kwa kutazamia ndoa ambayo haikufungwa, lakini ikiwa tu mahakama imeridhika kwamba mtoaji aliitoa kwa sharti la ndoa kufungwa. Soda mlizokunywa pamoja na machungwa mliyopeana si vitu vya kudaiana. Mahari na vitu vikubwa ndivyo vyenye kuleta kesi, na hapo karatasi yenye saini mbili ina faida kuliko kumbukumbu za watu kumi.

Basi, siku ile ya pili mshenga alisimama na bahasha mbili na doti mbili mkononi. Safari hii alimwomba mjomba atutambulishe akina mama wote waliokuwamo, mmoja mmoja, kabla hajafungua mdomo. Akamwita kwanza mama mzazi. Yule mama alitoka kule nyuma karibu na mlango, akapokea kwa mikono miwili, akakaa mbele pale alipopewa nafasi, na hakurudi tena nyuma. Kisha akaitwa shangazi. Alipokunjua kanga na watu wakasoma jina lake kwa sauti, vigelegele vilipigwa na upande wao wenyewe, si sisi.

Vijana walifunga ndoa mwaka uleule. Mwaka uliofuata mkwe wetu alijifungua mtoto wa kike, na shangazi yake akaja Dodoma kumtazama. Alikuwa ameleta kipande kimoja cha ile doti, kimefuliwa na kupindwa, kwa ajili ya kumbelekea mjukuu. Kipande cha pili alisema amekibakiza kwake.